Barua ya wazi kwa wakurugenzi wangu: alama 41 za dada wa uthamini

Kwa Mkurugenzi Mtendaji, Meneja Rasilimaliwatu na wajumbe wa bodi,
Dodoma.

Wakubwa zangu, mbukwenyi.

Mimi ndiye niliyeisakinisha. Naanza na hilo ili asitokee mtu wa kusema naandika mambo ya kusikia. Jumamosi ile ofisi ikiwa tupu nilipita meza kwa meza na flashi mkononi, kompyuta ishirini na mbili, nikaweka programu ya kupima utendaji mnayoilipia kila mwezi. Mliniagiza niifiche isionekane kwenye orodha ya programu, wala pale chini kulia karibu na saa. Nikaificha. Jumatatu watu wakaingia, wakafuta vumbi la upepo wa Dodoma kwenye meza zao kama kawaida, wakawasha mashine, wakaanza kupimwa bila kujua. Ilipita wiki tatu kabla ya ile barua pepe ya mistari miwili kutoka, yenye maneno "mfumo wa kuboresha tija".

Nilikuja kuzungumza nanyi mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa kazi ya mtu wa TEHAMA ni mitambo, siyo sera. Mara ya pili niliambiwa niandike. Basi nimeandika, na nimeandika hadharani kwa sababu wiki hii nimepigiwa simu na wenzangu wa ofisi mbili nyingine hapa mjini wakiniuliza programu hiyohiyo inawekwaje, maana mabosi wao wamesikia kwamba sisi "tunaona kila kitu". Jina la kampuni yetu sijalitaja, wala jina la mfanyakazi yeyote. Dada ninayemzungumzia hapa ameisoma barua hii kabla yenu na ameniruhusu.

Huyo dada ni wa idara ya uthamini. Ana mtoto wa miezi mitano. Ijumaa ya wiki iliyopita alipewa barua ya onyo kwa "utendaji usioridhisha", na sababu iliyoandikwa ni moja tu: wastani wake wa alama ulikuwa chini ya 60 kwa wiki mbili mfululizo. Hakuna aliyetaja ripoti aliyochelewesha, mteja aliyelalamika, wala kiwanja alichokithamini vibaya. Nikaenda kwenye mfumo kuangalia alama hizo zilikotoka. Nina ruhusa ya kuingia huko, mlinipa wenyewe.

Kwanza mjue mashine inavyohesabu, kwa sababu nahisi hamkuelezwa na yule kijana wa mauzo. Ndani ya kila kompyuta kuna programu ndogo inayouliza Windows swali moja tena na tena: mara ya mwisho kibodi au mausi kuguswa ilikuwa lini? Windows ina namna yake ya kulijibu, inaitwa `GetLastInputInfo`, na jibu lake ni namba tu. Halijui nani amegusa wala kwa nini. Sisi tumeweka kikomo cha dakika tano. Zikipita dakika tano bila kuguswa, muda wote tangu mguso wa mwisho unaandikwa `Idle`, yaani mtu hayupo kazini. Mkono ukiwa unagusa, programu inatazama dirisha lililo mbele ya skrini na kulipanga kwenye fungu: la kazi, au lisilo la kazi. Mafungu hayo hayakupangwa na mtu anayejua uthamini wa ardhi. Yalikuja yamepangwa tayari na kampuni iliyotengeneza programu, nasi hatukubadilisha hata moja. Alama ya siku ni dakika za kugusa ndani ya fungu la kazi, zikigawanywa kwa dakika 480 za siku, kisha kuzidishwa kwa mia. Hakuna zaidi ya hapo. Ile duara ya kijani na nyekundu mnayoiona ofisini kwenu imejengwa juu ya hesabu hiyo ya darasa la tano.

Sasa twende Jumanne ya dada yetu. Nimeipanga kwa kulinganisha kumbukumbu za mfumo, daftari la mapokezi, na maelezo yake mwenyewe.

Saa 2:00 asubuhi mpaka 2:40 alikuwa kwenye simu yake ya mkononi akiongea na wateja watatu, mmoja akimwelekeza njia ya kufika kwenye kiwanja Nala. Mkono mmoja umeshika simu, mwingine kalamu. Dakika 40, mfumo ukaandika hayupo. Kuanzia 2:40 mpaka 4:10 aliandika ripoti, na hapo mashine ilimwona vizuri: dakika 90. Saa 4:10 akatoka kwenda kumnyonyesha mtoto, akarudi 5:10. Dakika 60, hayupo. Kuanzia 5:10 mpaka 6:10 alisoma jalada la karatasi lililotoka Jiji, na ramani ya mipango miji akiipima kwa rula mezani. Katika saa hiyo aligusa kompyuta kwa jumla ya dakika 15, arobaini na tano zikapotea. Kuanzia 6:10 mpaka saa 7:00 mchana alikuwa kwenye WhatsApp Web akipokea picha za kiwanja cha Iyumbu kutoka kwa vijana wetu waliokuwa huko: picha ya kila kona, ya barabara, ya nguzo ya umeme. Mikono ilikuwa inafanya kazi muda wote, lakini WhatsApp iko kwenye fungu la "mitandao ya kijamii". Dakika 50, sifuri.

Saa 7:00 mpaka 8:00 ni chakula, hiyo haihesabiwi. Saa 8:00 mpaka 9:00 alasiri alinyonyesha mara ya pili. Dakika 60 nyingine. Kuanzia 9:00 mpaka 10:30 alikuwa kwenye jedwali la hesabu akipata thamani, dakika 90 nzuri. Na nusu saa ya mwisho alikuwa na mzee mmoja aliyekuja na hati yake, wamekaa uso kwa uso, na kwa heshima akafunga kompyuta ili amsikilize. Dakika 30, hayupo.

Jumlisheni: 90, na 15, na 90. Ni 195. Gawanyeni kwa 480, zidisheni kwa mia, mnapata alama 41.

Siku hiyo alikamilisha ripoti mbili. Zote mbili zilikwenda benki na hakuna hata moja iliyorudishwa.

Mkiondoa tu zile saa mbili za kunyonyesha kwenye dakika za siku, alama inapanda mpaka 54. Mkikubali kwamba picha za kiwanja ni kazi, inakuwa 68. Simu za wateja zikiingia, 79. Jalada likihesabiwa, 92. Na mzee wa hati akihesabiwa, inakuwa 100. Dada hakuongeza bidii hata chembe kati ya 41 na 100. Tulichobadilisha ni kile ambacho mashine imeruhusiwa kukiona.

Kuhusu hizo saa mbili sina haja ya maneno mengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kufanya hivyo ndani ya saa za kazi, mpaka saa mbili kwa siku. Meneja Rasilimaliwatu aliisaini ruhusa hiyo mwenyewe, ipo kwenye faili lake. Kwa hiyo tumempa haki kwa mkono wa kulia, kisha mashine ikamkata alama kwa kuitumia, na barua ya onyo ikatoka kwa mkono uleule ulioisaini ruhusa. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya jinsia na ujauzito. Mwanasheria wetu na awaambie atakavyolitetea hili, kwa sababu mwanamume hawezi kupoteza alama 13 kwa sababu hiyo hata akitaka.

Sasa niwape upande wa pili. Mwenzetu mmoja, ambaye mmempongeza kwenye kikao cha mwezi, ana wastani wa 94. Sitasema ni nani, na naomba msianze kumtafuta. Ana saa ya mkononi ya mishale. Mausi zetu zinasoma mwendo kwa mwanga unaotoka chini yake. Ukiilaza juu ya kioo cha saa, ule mshale wa sekunde unapita chini ya mwanga na mausi inaamini imesogezwa. Unaacha jedwali la hesabu wazi mbele ya skrini, unashuka kunywa chai, mfumo unakuandikia kazi. Mtu akitazama kumbukumbu ghafi anaweza kuona: dirisha moja halibadiliki kwa saa mbili, hakuna herufi hata moja iliyochapwa, na mausi inashtuka kwa mpigo wa kufanana kama moyo wa mtu aliyelala. Lakini nani kati yenu anatazama kumbukumbu ghafi? Mnatazama duara. Na duara inasema huyu ni mfano wa kuigwa. Nilipomuuliza aliniambia, "Kaka, mimi ripoti zangu nazimaliza. Hiki kingine ni kulipa kodi ya kichwa." Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli ripoti zake anazimaliza.

Nije kwenye jambo linaloninyima usingizi kuliko alama, nalo ni picha. Kila baada ya dakika kumi programu inapiga picha ya skrini nzima, na muda wote inaandika kichwa cha kila dirisha linalofunguliwa. Mliponunua nadhani mlifikiri mtaona nani anatazama mpira. Kilichomo kwenye hifadhi ni kingine. Kuna picha ya mfanyakazi akisoma majibu ya vipimo vya hospitali aliyotumiwa kwa barua pepe. Kuna kichwa cha dirisha kinachotaja dawa. Kuna mazungumzo ya mtu na mke wake kuhusu talaka. Kuna salio la benki la mtu. Hawa si wavivu. Ni watu waliofungua jambo lao kwa dakika mbili mchana, kama zamani mtu alivyopokea simu ya nyumbani kwenye mezani ya ofisi. Katiba yetu, Ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake ya binafsi, na haikusema ulinzi huo unaachwa getini pamoja na kitambulisho.

Taarifa za afya ni kati ya zile ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, inaziita nyeti na kuziwekea masharti makali zaidi. Sheria hiyo imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, siyo mpya tena. Na Tume inayoisimamia ina makao yake hapahapa Dodoma. Mfanyakazi mwenye malalamiko hahitaji hata kupanda treni.

Ninaijua sheria hiyo kwa sababu ninyi wenyewe mlinituma kwenye semina yake, ili tuandae usajili wetu kama wakusanyaji wa taarifa za wateja. Tulihangaika na taarifa za wateja kwa bidii nzuri tu. Ila hatukukumbuka kwamba mfanyakazi naye ni mtu mwenye taarifa. Sheria inataka mtu aambiwe kabla taarifa zake hazijakusanywa: zinakusanywa, na kwa lengo gani. Sisi tulikusanya wiki tatu kwanza, kisha tukasema. Inataka zikusanywe zile tu zinazohitajika kwa lengo lililotajwa. Lengo letu tuliloandika ni tija. Sijui talaka ya mtu inaingiaje kwenye tija. Inataka zisikae kuliko muda unaohitajika. Picha zetu zinakaa mpaka mtu azifute, na hakuna aliyepewa kazi ya kuzifuta. Inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Seva za programu hii haziko Tanzania, na sijawahi kuona karatasi yoyote inayoonyesha kwamba tuliyafuata masharti hayo.

Najua mtakachojibu, kwa sababu mlishanijibu: watu walisaini. Ni kweli, mwezi uliopita kila mtu aliletewa fomu yenye sentensi moja, "Ninakubali kufuatiliwa kwa mujibu wa sera za kampuni". Ililetwa na mtu wa Rasilimaliwatu, akasimama pembeni ya meza mpaka ilipokamilika. Mtu mwenye kodi ya nyumba Nkuhungu na ada ya shule mwezi huu atasema hapana mbele ya nani? Na sera yenyewe iliyotajwa kwenye sentensi hiyo haijaandikwa. Nimeitafuta kwenye folda zote.

Kuna haki moja kwenye sheria hii ambayo ningependa muisome polepole. Mtu anaweza kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa kiasi kikubwa usitokane na uchakataji wa mashine peke yake. Na ukishatolewa uamuzi wa aina hiyo, mwenye taarifa anapaswa kuambiwa kwamba ulitoka kwa mashine, na anaweza kutaka uangaliwe upya. Haki hiyo ina mianya, mojawapo ni pale mtu aliporidhia, na ndiyo maana ile fomu inanitia wasiwasi kuliko inavyoonekana. Mtasema pia kwamba barua ya onyo ilisainiwa na binadamu. Ilisainiwa, ndiyo. Lakini mimi ndiye niliyeweka ule mpangilio: Ijumaa saa 9:00 alasiri mfumo unatuma orodha ya walio chini ya 60, barua zinajazwa majina zenyewe kutoka kwenye kiolezo, kisha zinachapwa. Ijumaa ile zilichapwa barua nne, na zikarudi mapokezi zimesainiwa kabla printa haijapoa. Hakuna aliyeitwa kuulizwa. Kama binadamu aliyesaini hakujua zaidi ya kile mashine ilichomwambia, uamuzi ulikuwa wa nani?

Hata tukiiweka pembeni sheria ya taarifa, bado kuna ile ya kazi. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinaeleza namna ya kushughulika na mtu ambaye kazi yake haitoshi. Lazima kiwango kiwepo, kiwe cha haki, na mtu awe anakijua. Mwajiri achunguze sababu ya upungufu, atoe mwongozo na, inapobidi, mafunzo, na ampe mtu nafasi na muda wa kujirekebisha. Mfanyakazi ana haki ya kujieleza akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Na jambo likifika kwenye kuachishwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ni halali na utaratibu ulifuatwa uko begani kwa mwajiri. Hebu mjione mbele ya msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mkieleza kwamba kiwango kilikuwa alama 60, kwamba hakuna aliyekuwa akijua inavyopatikana, na kwamba kiliwekwa 60 kwa sababu ndivyo programu ilivyokuja kutoka kiwandani. Mimi ndiye nitakayeitwa kueleza hesabu. Sitadanganya.

Msidhani haya ni malalamiko ya watu wa hapa tu. Mwaka 2020 Microsoft walitoa chombo chao cha kupima tija, kikimwonyesha meneja kwa majina nani ametumia barua pepe au vikao kwa kiasi gani. Kelele zilipopigwa, ndani ya wiki chache wakayaondoa majina. Kilibaki kuonyesha hali ya ofisi kwa ujumla. Hao ndio waliotengeneza Windows tunayoiuliza maswali, na walirudi nyuma.

Mfano unaotufanana zaidi ni wa Ufaransa. Desemba 2024 mamlaka yao ya ulinzi wa taarifa, inayoitwa CNIL, iliitoza faini ya yuro 40,000 kampuni moja ndogo ya mambo ya nyumba na ardhi. Ndiyo, kama sisi. Walikuwa na programu iliyohesabu muda ambao kibodi na mausi havikuguswa, kati ya dakika 3 na 15 kulingana na walivyoipanga, na iliyopiga picha za skrini. Mfanyakazi asipoweza kuueleza muda huo au kuufidia, angeweza kukatwa mshahara. Mamlaka ilisema jambo ambalo dada yetu angeweza kulisema bila kusomea sheria: muda ambao kompyuta haijaguswa unaweza kuwa muda wa kazi, kwa mfano mtu akiwa kikaoni au kwenye simu, kwa hiyo programu hiyo haikuwa hata inapima kile ilichodai kupima. Kuhusu picha, ikasema zinaweza kunasa barua pepe binafsi na mazungumzo ya watu. Na kampuni ilikutwa na kosa jingine dogo ambalo liliniamsha kwenye kiti: wakubwa kadhaa walikuwa wakitumia akaunti moja ya msimamizi, hivyo isingejulikana nani ametazama nini. Wakubwa zangu, akaunti yetu ya msimamizi ni moja, na nywila yake tunaijua watu wanne. Ilitumika Jumapili moja saa 4 usiku kufungua picha za mfanyakazi mmoja wa kike. Mfumo unasema ni "admin". Hauwezi kuniambia zaidi.

Sheria za Ufaransa si za kwetu, naelewa. Nimeutaja mfano huo kwa sababu ya hoja yake ya kwanza, ambayo haihitaji sheria ya nchi yoyote: ule muda wa kutogusa haupimi kazi.

Isije ikaonekana nasema mwajiri asitazame kitu. Tunatunza hati za watu, na hapa Dodoma tangu Serikali ihamie tunajua kiwanja kinavyoweza kumtoa mtu roho. Kumbukumbu ya nani alifungua jalada la mteja yupi, na saa ngapi, naiunga mkono kwa mikono miwili. Tulikuwa nayo kwenye seva kabla ya programu hii na itabaki. Kinga ya virusi ibaki. Kuzuia flashi za nje kubaki, ingawa mimi mwenyewe nilitumia flashi ile Jumamosi. Hivyo vyote vinalinda kitu kinachojulikana, na kila mfanyakazi ukimweleza anaelewa.

Na sijasahau kwa nini mliinunua. Benki zililalamika kwamba ripoti zinachelewa. Lalamiko hilo lilikuwa la kweli. Kwa hiyo nimefanya kazi ambayo sikutumwa: nimechukua ripoti ishirini zilizochelewa robo iliyopita na kufuatilia kila moja kwenye rejista, ilikaa kwa nani na kwa siku ngapi. Nne zilichelewa kwa mthamini. Tatu zilisubiri taarifa kutoka ofisi za nje. Kumi na tatu zilikuwa zimekamilika, zikisubiri saini ya kuidhinisha ghorofa ya juu. Moja kati ya hizo ilisubiri siku kumi na moja. Kompyuta za ghorofa ya juu hazimo kwenye zile ishirini na mbili, niliagizwa nisiziguse. Jedwali hilo nimeliambatanisha kwenye nakala ya Mkurugenzi peke yake, hapa silitoi.

Ninachoomba ni hiki. Barua nne za onyo ziondolewe kwenye mafaili, siyo "zisitishwe", na dada wa uthamini aambiwe kwa maandishi. Upigaji picha na uandikaji wa vichwa vya madirisha uzimwe. Ni kazi ya dakika kumi, swichi ninaijua ilipo. Picha zote zilizokwishakusanywa zifutwe mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, kwenye kompyuta zetu na kwenye seva za huko nje, na mtoa huduma atoe uthibitisho wa maandishi. Ila kila mfanyakazi apewe kwanza nafasi ya kuona kilichokusanywa juu yake, kwa sababu hiyo nayo ni haki yake, na kuna ambao watahitaji ushahidi huo. Kumbukumbu ya Jumapili ile isifutwe mpaka ijulikane ni nani.

Alama zenyewe ziondoke kwenye tathmini ya mwaka. Mkitaka kipimo, kipo kwenye rejista ya ripoti: iliingia lini, ilitoka lini, ilirudishwa mara ngapi na kwa kosa gani, na ilisubiri meza ipi. Naweza kuitengeneza ndani ya wiki mbili bila shilingi ya ziada, kwa sharti moja, kwamba meza zote zimo.

Mkataba wa programu unajihuisha wenyewe tarehe 1 ya mwezi ujao, na kadi ya benki ya ofisi itakatwa asubuhi hiyo. Ili usijihuishe, mtoa huduma anataka taarifa siku saba kabla. Rasimu ya taarifa hiyo nimeiandika, iko kwa katibu muhtasi kwenye bahasha ya kaki, inahitaji saini moja. Naomba isisubiri siku kumi na moja.

Wenu katika kazi,
Ofisa TEHAMA